Jaribio la Tatu la Fisi

Abdihafid alikuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Garissa, na kama walimu wengi wa Kiswahili aliamini kwamba ndani yake kuna mwandishi aliyekosa nafasi tu. Basi nafasi ikaja. Caro, mhariri wa kampuni ndogo ya vitabu Nairobi, alikuwa anakusanya hadithi fupi za leo zilizojengwa juu ya ngano za zamani, moja kutoka kila upande wa nchi, na upande wa kaskazini mashariki ulikuwa bado mtupu. Mtu akamtajia Abdihafid. Abdihafid akakubali kabla hajabembelezwa, akaahidi ngano ya Mbweha na Fisi kisimani aliyosimuliwa na mama yake utotoni, akakata simu, kisha akagundua kwamba haikumbuki.

Aliikumbuka vipande tu. Kulikuwa na ukame, na kisima kimoja, na Simba jike mzee anayekilinda. Mbweha alimdanganya Fisi mara tatu. Ya tatu ilikuwaje? Hapo palikuwa peupe kabisa, kwa sababu kila mara alisinzia kabla ya kufika.

Jumamosi akapanda gari kwenda Masalani. Hakuwa amefika kwao tangu Idi, na Idi yenyewe ilikuwa miezi tisa nyuma. Kazi nyingi, alikuwa akisema kwenye simu. Barabara mbaya, alikuwa akisema. Barabara ilikuwa mbaya kweli, lakini hadithi ilipohitajika ilipitika vizuri sana.

Mama yake, Istahil, alikuwa mjane wa miaka sitini na nane, mwenye migomba na mipapai kwenye shamba dogo ukingoni mwa Tana, na pampu ya maji aliyoitukana kila asubuhi mpaka ikawaka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, cha kuwaambia watumishi wa serikali waliotoka bara, "Babai tamu, mwalimu, chukua mbili." Kwa mwanawe alizungumza Kisomali, na alimwita hooyo, yaani mama, jinsi mama wa Kisomali anavyomrudishia mtoto jina lake mwenyewe kwa mapenzi.

"Umekuja, hooyo," alisema, akakaa akimtazama kana kwamba anamhesabu vidole.

"Nimekuja. Nataka ile ngano ya kisima."

"Ile tu?"

"Ile tu. Nina haraka nayo, mwisho ni Jumatatu ya wiki ya tatu kuanzia sasa." Akaweka simu kwenye mkeka ili irekodi.

"Basi niitikie," Istahil alisema. Ngano za kwao huwa na mwitikiaji. Msimulizi akimaliza sentensi, mwitikiaji husema "haye," na asiposema, msimulizi hunyamaza, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayezungumza na ukuta.

"Ukame ulikula dunia."

"Haye."

"Ukabakiza kisima kimoja, na mlinzi wake Simba jike, mzee, hawezi tena kutembea."

"Haye."

"Akasema: anayetaka kunywa anywe, kisha aende akaniletee chumvi kutoka bonde la mbali, na aniachie rafiki hapa mdomoni mwa kisima kama rehani."

"Haye."

"Mbweha hakuwa na rafiki. Lakini alikuwa na Fisi."

Abdihafid akacheka, akasahau kuitikia, naye mama akangoja mpaka akaitikia. Mbweha akaenda mpaka pangoni kwa Fisi, wakatembea pamoja siku nzima, Mbweha akipiga porojo na kumpa habari za ulimwengu. Walipofika kisimani akamwambia: "Kaa hapa, Fisi, ndugu yangu wa tumbo moja. Kivuli chako hakijafika mkiani, mimi nimekwisha rudi." Akanywa, akaondoka, hakurudi. Simba akachukua malipo yake kwa Fisi: akamfupisha miguu ya nyuma. Siku zikapita, Mbweha akaona kiu, akaenda tena pangoni. Maneno yale yale, mwendo ule ule, kivuli kile kile. Safari hii Simba akachukua sauti nzuri ya Fisi akamwachia ile mbaya aliyo nayo mpaka leo.

"Haye," alisema Abdihafid. "Na ya tatu?"

Istahil akaitazama mipapai yake. "Ya tatu imenitoka."

"Imekutoka vipi?"

"Imenitoka, hooyo. Njoo Jumamosi ijayo. Huenda itakuwa imerudi."

Akarudi Garissa na majaribio mawili na kichwa kizito. Hata hivyo aliketi, akaanza kuihamisha ngano kwenye dunia ya leo, na mwanzoni kazi ikaenda kama maji ya mfereji. Kisima kikawa kisima cha mashine nje ya mji. Simba jike akawa msimamizi mzee wa mashine, anayehitaji dizeli. Mbweha akawa Jama, dereva wa lori la maji, mdomo mtamu. Fisi akawa Yarrow, mchungaji mpole. Rehani ikamtatiza kidogo, mpaka akakumbuka kwamba kwenye malango ya Kenya mtu huacha kitambulisho, na hapo akajipigia makofi. Jama anajaza maji, anamwacha Yarrow na kitambulisho chake langoni, anaahidi dizeli, harudi. Mara ya kwanza msimamizi anachukua baiskeli ya Yarrow, ambayo ndiyo miguu. Mara ya pili anachukua simu yake, ambayo ndiyo sauti. Aliandika yote mawili kwa urefu sawa na maneno yale yale, kama mama alivyosimulia, akayatuma Nairobi akiwa ameridhika.

Caro alipiga simu Jumatano, saa ya chai ya walimu.

"Mwalimu, sikiza. Baiskeli na simu, hapo umecheza. Lakini hii ya pili nimeiruka."

"Umeiruka?"

"Nimeiruka, na mimi ndiye mhariri. Mbele ya mama yako kuna mtu wa kuitikia, kwa hivyo marudio ni wimbo, watu wanaimba nawe. Kwenye karatasi hakuna wa kuitikia. Ya kwanza iandike yote. Ya pili ifupishe, aya moja, tuone tu kilichobadilika ndani ya Yarrow. Ile sentensi ya kivuli iache ilivyo, neno kwa neno, hiyo ndiyo kamba ya kufungia. Halafu ya tatu uende polepole kabisa, kwa sababu ya tatu ndiyo inayovunja mpango."

"Ya tatu sina bado."

"Najua, na hapo ndipo shida. Kwenye ngano Fisi ni Fisi, hakuna anayeuliza. Lakini ukimpa kitambulisho na baiskeli amekuwa mtu, na mtu ana kumbukumbu. Ya kwanza alidanganywa, sawa. Ya pili alitumaini, sawa. Ya tatu, mwalimu, kwa nini Yarrow anakaa tena pale langoni? Usiponijibu hilo huna hadithi, una mjinga mmoja tu."

Abdihafid akasema atalishughulikia. Alirudi darasani akafundisha kipindi kizima akiwa kisimani.

Jumamosi ya pili alifika Masalani mapema. Istahil alikuwa amepika anjera na supu ya mbuzi, na amejifunga shashi mpya kichwani, jambo ambalo Abdihafid aliliona bila kulifikiria. Akaweka simu mkekani.

"Imerudi?"

"Niitikie tuone."

Ukame ulikula dunia, haye, ukabakiza kisima kimoja, haye, na mlinzi wake Ngamia kipofu.

"Hooyo, Ngamia? Si ni Simba?"

"Nani anasimulia?"

"Haye," alisema Abdihafid.

Kuanzia hapo mambo yakachanganyika kabisa. Simba alikuwa Ngamia, chumvi ilikuwa asali, na sauti ilichukuliwa kabla ya miguu. Mwishoni mwa jaribio la pili, aliyekuwa amekaa mdomoni mwa kisima hakuwa Fisi tena bali Mbweha, na Fisi ndiye aliyekunywa na kukimbia. Abdihafid akatazama simu kana kwamba ndiyo iliyokosea. Alijaribu kufuata nani ni nani, akapotea, akaacha kuitikia bila kujua. Istahil akanyamaza papo hapo.

"Umeniacha. Basi tumeishia hapo."

"Hooyo, ngoja. Nani anamdanganya nani?"

"Nimechoka."

"Basi nijibu moja tu. Mhariri wangu wa Nairobi anauliza: kwa nini Fisi anakubali kukaa mara ya tatu?"

Istahil, aliyekuwa ameanza kukusanya sahani, akasimama nazo mkononi. "Mwanamke huyo ameuliza hivyo?"

"Ndiyo."

"Ana mama?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Ana akili," alisema Istahil. "Jibu liko kwenye ya tatu, na ya tatu imenitoka. Jumamosi ijayo, hooyo. Insha'Allah."

Njiani kurudi Abdihafid aliziweka rekodi mbili sikioni, moja baada ya nyingine, na hofu ikamwingia. Alipofika nyumbani alipiga mstari katikati ya ukurasa wa daftari akaandika tofauti zote pande mbili. Zilikuwa kumi na moja. Mwanamke huyu aliweza kutaja mbuzi wa jirani aliyekufa miaka ishirini iliyopita na rangi ya masikio yake. Sasa hawezi kushika Simba kwa wiki moja?

Akampigia dada yake mkubwa, Amino, aliyefanya kazi katika ofisi za kaunti.

"Abaayo, dada yangu, hooyo anasahau."

Akamsomea daftari. Amino alisikiliza bila kumkatiza, na hiyo peke yake ilitisha. Wote wawili walijua wanachokifikiria. Bibi yao Lul, mama yake Istahil, alianza hivi hivi. Kwanza aliwachanganya wanyama wa ngano, watoto wakacheka. Kisha akawachanganya wajukuu. Kisha asubuhi moja akatoka nyumbani kwenda kwenye kisima kilichofukiwa tangu alipokuwa msichana, wakampata siku ya pili ng'ambo ya mto, nyayo zimepasuka.

"Anaishi peke yake kando ya mto wenye mamba," alisema Amino. "Na ile pampu. Hapana. Atahamia kwangu."

"Hatakubali. Shamba lile ndilo roho yake."

"Shamba litakodishwa. Jumamosi nitachukua gari, nitaweka godoro nyuma alale njiani. Wewe usimwambie kitu, ukimwambia tutamkuta amejificha Ijara kwa binamu zake."

Abdihafid akakubali. Alikuwa na uchungu wa kweli, lazima hilo lisemwe. Lakini ndani ya uchungu huo kulikuwa na sauti nyingine ndogo, ya aibu, iliyokuwa inauliza: je, na jaribio la tatu?

Wiki hiyo alijaribu kulitunga mwenyewe. Kwanza akamfanya Yarrow mjinga kweli, mtu asiyejifunza. Alipoisoma akamchukia Yarrow, na msomaji akimchukia aliyedanganywa atamshangilia Jama tu. Akafuta. Akamfanya Yarrow mwenye tamaa, ameahidiwa sehemu ya maji. Hiyo ilieleweka, lakini ilimgeuza Yarrow kuwa Jama wa pili, na hadithi yenye Mbweha wawili haina Fisi. Akafuta. Mara ya tatu akamfanya Yarrow mjanja kuliko wote, amekubali kukaa langoni ili alipize kisasi, na polisi wamejificha nyuma ya tangi. Hiyo ilimfurahisha kwa saa nzima. Kisha akaona kwamba kama Yarrow alikuwa akipanga kisasi tangu mwanzo, basi jaribio la kwanza na la pili yalikuwa uongo, na baiskeli na simu alizopoteza hazikumuuma mtu yeyote. Kila jaribio linapaswa kumvua mtu kitu cha kweli, ili la tatu limkute amebaki na kimoja tu. Kipi hicho? Yarrow alibaki na nini? Ijumaa jioni daftari lilikuwa limejaa mistari, naye hakujua tena kama anamfikiria Yarrow au mama yake au yeye mwenyewe.

Jumamosi ya tatu walifika Masalani kabla ya adhuhuri, Amino mbele na dereva, Abdihafid nyuma na godoro. Istahil alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amechinja kuku wawili, na shashi ilikuwa nyingine tena. Alipomwona Amino akishuka garini, uso wote ulimfunguka.

"Leo mmekuja wawili! Alhamdulillahi." Akamkumbatia, akatazama juu ya bega lake, akaona gari. "Godoro la nani hilo?"

Amino hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alimshika mama mkono, akamkalisha, akamwambia yote: kwamba anasahau, kwamba bibi Lul alianza vivyo hivyo, kwamba chumba kiko tayari Garissa chenye dirisha la mashariki, kwamba shamba lina mpangaji, Warfa, jirani wa pili, aliyekwisha kukubali.

Istahil alisikiliza. Rangi ikamtoka usoni polepole.

"Warfa amekubali," alisema. "Mtu anayemwagilia migomba saa saba mchana." Akageuka. "Nani amesema nasahau?"

Amino akamtazama Abdihafid. Abdihafid akatoa daftari, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akaanza kusoma tofauti moja moja kwa sauti ya mwalimu anayerudisha mtihani. Simba, Ngamia. Chumvi, asali. Miguu kwanza, sauti kwanza. Alipofika ya saba mama yake alianza kucheka, na alipofika ya kumi na moja kicheko kilikuwa kimegeuka, naye akajifuta macho kwa ncha ya shashi.

"Umeandika zote," alisema. "Hata ya asali."

"Nimeandika zote, hooyo."

"Kumi na moja. Mimi nilidhani nimeweka tisa."

Nje dereva alizima redio.

"Uliweka?" aliuliza Abdihafid.

"Hooyo, miezi tisa hukuja. Ukaja kwa ajili ya Fisi. Nikasema, nikimpa Fisi mzima leo ataondoka naye, nitamwona Idi. Nikabakiza kipande. Ukaja tena! Nikasema, alaa, kumbe njia ndiyo hii. Nikavuruga ili uje mara nyingine kuuliza." Akalitazama godoro kupitia mlango. "Sikujua kwamba mnanipima."

Abdihafid alihisi uso unamwaka. Alitaka kusema jambo, lakini kila alichokifikiria kilikuwa na mhariri wa Nairobi ndani yake.

Amino, mwenye kufanya kazi na fomu na mihuri, hakuyeyuka upesi. "Hooyo, samahani. Hata bibi Lul alikuwa na sababu ya kila kitu. Tutajuaje?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na Istahil alilijua kuwa la haki. Aliweka mikono mapajani. Abdihafid akamwona anapima. Mkononi mwake alikuwa na kitu kimoja tu cha kuwatolea kama ushahidi, na kitu hicho kilikuwa ndicho kilichomleta mwanawe Jumamosi tatu mfululizo.

"Niitikie," alisema mwishowe. "Na wewe Amino, chukua daftari, shika upande wa kwanza. Nikikosea neno, washeni gari."

Ukame ulikula dunia. Haye. Ukabakiza kisima kimoja, na mlinzi wake Simba jike, mzee, hawezi tena kutembea. Haye. Amino alifuata kwa kidole. Chumvi ilikuja mahali pa chumvi, miguu mahali pa miguu, sauti mahali pa sauti, na kila Mbweha alipofika kisimani maneno yalikuwa yale yale: kaa hapa, Fisi, ndugu yangu wa tumbo moja, kivuli chako hakijafika mkiani, mimi nimekwisha rudi. Mpaka mwisho wa jaribio la pili kidole cha Amino hakikusimama hata mara moja. Akalifunga daftari. Hakikubaki kitu cha kufuata, kwa sababu mbele ya hapo hapakuwa pameandikwa na mtu.

"Siku zikapita," alisema Istahil, na sasa alikuwa akisema polepole. "Mbweha akaona kiu, akaenda mara ya tatu."

"Haye."

"Wakatembea siku nzima. Fisi akachechemea kwa miguu mifupi, hana tena sauti nzuri ya kusemea, anasikiliza tu. Mbweha akasema kaa hapa, akanywa, akaondoka."

"Haye."

"Kivuli kikafika mkiani. Simba akamjia Fisi, akamzunguka, akaona hana cha kumchukulia. Akasema: Fisi, mimi ni mzee lakini si mjinga, na naona hata wewe si mjinga. Unajua harudi. Ulijua tangu pangoni. Kwa nini umekaa?"

Abdihafid hakuweza kuitikia. Amino ndiye aliyesema, chini kwa chini, "Haye."

"Fisi akasema kwa sauti yake mbaya: ewe Simba, ni kweli harudi. Lakini kutoka pangoni kwangu mpaka hapa ni mwendo wa siku nzima, na siku hiyo nzima anatembea ubavuni mwangu akinizungumzisha. Siku hiyo ni yangu. Ukitaka kuchukua, chukua kingine."

"Haye," alisema Amino.

"Simba akatafuta kingine, hakukipata. Akasema: inuka, unywe. Fisi akanywa kwa mara ya kwanza, akaenda zake, hakurudi tena kwenye lile pango. Mbweha alipoona kiu akaenda kumtafuta, akakuta majivu. Mpaka leo anazunguka vijiji kila magharibi akilia, na kisima yuko nacho karibu, ila hana wa kumwacha mdomoni. Imekwisha. Aliyeisikia na awape wengine, mimi nimeitua."

Kisha Amino akainuka, akatoka nje, wakamsikia akizungumza na dereva, na mlango wa nyuma wa gari ukafunguliwa. Godoro likaburutwa mpaka barazani. "Nitalala hapa leo," alisema alipoingia, kwa ukali, kana kwamba mtu amembishia. "Gari lije kesho. Na huyo Warfa nitampigia mimi." Akaenda jikoni kuwatazama kuku, macho yake mekundu.

Wakabaki wawili mkekani. Simu ya Abdihafid ilikuwa bado inarekodi. Aliizima. Jibu la Caro lilikuwa ndani yake, lote, kwa maneno ambayo asingeweza kuyatunga hata angepewa mwaka mzima, na Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Yarrow anakaa langoni kwa sababu ya safari ya lori, kwa sababu ya kiti cha mbele karibu na Jama. Alijua hata sentensi ya kwanza ya jaribio hilo. Hakuwahi kuona haya kama hiyo maishani mwake, kujua sentensi hiyo wakati huo.

"Sasa unayo yote," alisema Istahil. "Kaiandike vizuri. Usimfanye Mbweha mbaya sana."

"Hooyo, nisamehe."

"Nimekusamehe. Nilikudanganya pia, tumetoka sare."

"Jumamosi ijayo nitakuja."

Istahil akamtazama kwa mshangao, mshangao wa kweli usio na hila yoyote.

"Kufanya nini, hooyo? Hadithi imekwisha."

Hakumsema wala hakumtania; alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kujua. Akangoja kidogo apate jibu. Kisha pampu ikaanza kukohoa kule mtoni, naye akanyanyuka kwa kushika goti, akaikimbilia akiitukana, na Abdihafid akabaki amekaa pale pale alipomwacha, akitafuta sababu.